Safu ya Ushauri: Simu ya Rehema haina uhai, nifanyeje?

Mwalimu, shikamoo.

Naandika hadithi fupi ya msichana anayeitwa Rehema. Amepata ufadhili wa kusoma ng'ambo, na jaribio lake la kwanza kabisa kule amefeli. Hadithi nzima ni simu anayompigia mama yake kumpa habari hiyo. Nimeiandika upya mara nne, sasa ina maneno kama elfu tatu. Wahariri wawili wamenirudishia. Mmoja hakusema kitu, mwingine aliandika mstari mmoja tu: "Simu yenyewe haina uhai."

Ilivyo sasa, Rehema amekaa kitandani anawaza. Halafu naweka mbinu rejeshi ya chumba cha mtihani, kurasa mbili. Kisha anapiga simu, anasema "Mama, nimefeli," analia, mama anamwambia asikate tamaa, kuanguka siyo mwisho wa safari. Mwishoni muhula unaisha na Rehema anafaulu. Nilifikiria pia mama awe anaumwa na anamficha, ili hadithi iwe na uzito, ila sijaliingiza hilo bado.

Mimi sijawahi kusoma nje, nimesimuliwa na dada yangu. Je, shida ni dayalojia, au nimekosea mahali pengine? Hadithi nimeiambatanisha.

Mwandishi anayeanza

*

Marahaba, mwanangu. Hadithi nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kama ninavyofanya kwa kila hadithi yenye mazungumzo mengi.

Dayalojia yako si mbaya. Rehema anaongea kama mtu na mama yake anaongea kama mtu. Kasoro imeanza kabla hawajafungua midomo: simu yako haina kazi ya kufanya. Rehema anapiga ili aseme jambo moja, analisema katika sentensi ya pili, na kuanzia hapo hakuna anayetaka kitu kwa mwenzake. Zinabaki kurasa tatu za kufarijiana. Msomaji anawahurumia wote wawili, lakini hana cha kusubiri.

Kwa hiyo jiulize kwanza: kwa nini anapiga? Hili ni swali gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu nyumbani hakuna anayeweza kuona alama zake. Zimo kwenye akaunti yake ya chuo, na nywila anayo yeye. Hakuna barua itakayotumwa kwa mzazi. Ni mtu mzima. Akitaka anaweza kunyamaza mpaka muhula uishe, na wapo wengi wanaonyamaza hivyo. Ukimfanya apige simu kwa hiari siku hiyohiyo ya matokeo, umemfanya mkweli mno, na mtu mkweli mno hana vita ndani yake.

Mimi ningeifanya iwe simu ya kila Jumapili. Tangu aondoke hajaruka hata moja. Matokeo yametoka Alhamisi, leo Jumapili, saa imefika. Asipopiga, huko kutopiga kwenyewe ni habari, mama hatalala. Akipiga, itabidi aongee dakika ishirini kama kawaida huku kitu kimemkaa kooni. Umeona? Kupiga simu kumekuwa lazima, kusema ndiko kumekuwa hiari. Hapo simu imepata kazi, na sijaongeza tukio lolote.

Sasa tuingie kwenye neno lako kubwa, "nimefeli". Umeliandika kama neno lenye maana moja, na nadhani ndipo hadithi ilipofia. Kwenye ncha mbili za simu ile neno hilo halifanani. Mama amesomesha watoto katika utaratibu ambao mtihani mmoja wa mwisho ndio unaoamua kila kitu: umepita au umebaki. Akisikia "nimefeli", anaona sanduku limefungwa na mtoto yuko uwanja wa ndege. Kwa lugha ya vyuoni, anasikia kwamba mtoto amedisko. Rehema yuko mahali ambapo somo moja lina vipimo kadhaa ndani ya muhula, kila kimoja na uzito wake, na cha kwanza mara nyingi ndicho chepesi kwenye mizani.

Wewe mwandishi hesabu hii lazima uijue, hata kama msomaji hataiona. Tuifanye pamoja. Tuseme somo la Rehema lina jaribio la kwanza lenye uzito wa asilimia 20, la pili 20, na mtihani wa mwisho 60. Mkataba wake wa ufadhili unataka wastani usiopungua 60 mwisho wa mwaka. Amepata 34 kwa mia. Asilimia 20 ya 34 ni 6.8, basi hizo ndizo alama zake mfukoni mpaka sasa. Ili somo lifike 60 anahitaji 53.2 nyingine kutoka kwenye 80 zilizobaki, maana yake apate wastani wa 66.5 katika vipimo vyote vinavyofuata. Si rahisi kwa mtu aliyetoka kupata 34, ila inawezekana. Lakini ungesema 34 hiyo ni ya mtihani wenye uzito wa 60, angekuwa na 20.4 tu, na katika 40 zilizobaki angehitaji 39.6. Hiyo ni asilimia 99. Hapo ungekuwa unaandika hadithi nyingine kabisa, ya mtu ambaye somo limeshamponyoka na anatafuta namna ya kuaga.

Katika rasimu yako sikuweza kujua Rehema yuko kwenye hadithi ipi kati ya hizo mbili. Umeandika tu kwamba "ufadhili wake ulikuwa hatarini". Mikataba mingi ya ufadhili hupima wastani wa muhula au wa mwaka, haimfukuzi mtu kwa jaribio moja, na mara nyingi kuna onyo la maandishi kabla ya kukatwa fedha. Muombe dada yako akuonyeshe mkataba wake, usome kile kifungu cha maendeleo ya masomo neno kwa neno. Hofu ya Rehema itakaa sawa ukijua hasa anaogopa nini na kitafika lini.

Rehema anaijua hiyo 66.5. Ameikokotoa Alhamisi usiku, ameiandika kwenye karatasi. Ila hawezi kumpa mama namba hiyo kwenye simu, kwa sababu ili imfariji mama, lazima kwanza mama aelewe uzito, vipimo, wastani, na kabla hajafika huko ameshasikia lile neno la kwanza na hasikii tena la pili. Kwa hiyo ukimruhusu Rehema atamke "nimefeli", simu itageuka kuwa ya kusahihishana: "Hapana mama, siyo hivyo, nisikilize." Nimesoma hadithi za namna hiyo, zinachosha. Ushauri wangu ni kwamba neno hilo lisitamkwe kabisa. Ukweli ufike nyumbani kwa njia nyingine, na mama aupokee katika umbo analoweza kulielewa.

Njia hiyo utaipata kwenye chanzo cha kufeli kwenyewe. Umeandika kwamba "maswali yalikuwa magumu". Hicho siyo chanzo, mwanangu. Kila aliyefeli atasema hivyo. Fikiria Rehema ni nani: mtu anayepata ufadhili wa ng'ambo ni, mara nyingi, mtu ambaye hajawahi kuacha swali njiani. Shuleni alizoea karatasi za saa tatu, anamaliza mapema, anarudia, anapamba. Sasa amepewa maswali manne ya alama 25 kila moja, kwa dakika 60. Swali la kwanza analijua mpaka mizizi. Analijibu kwa dakika 35, anapata 24 kati ya 25. La pili analikimbiza, anapata 10. La tatu na la nne hakuandika kitu. Jumla 34. Tabia ileile iliyompandisha ndege ndiyo iliyomwangusha, na hilo linamuuma kuliko alama, maana hawezi hata kusema hakusoma.

Chanzo kikiwa mahususi hivyo, mbinu rejeshi ya kurasa mbili haina kazi tena. Ifute. Yale yaliyotokea chumba cha mtihani yanaweza kutoka kinywani mwa Rehema ndani ya simu yenyewe, kwa sura ya kitu kingine, kama nitakavyokuonyesha.

Kabla ya hapo, neno kidogo kuhusu simu kama simu. Umeandika mazungumzo haya kana kwamba wamekaa mkeka mmoja. Simu inanyang'anya uso na mikono, inabakiza sauti na kimya, na kimya chenyewe hakiaminiki. Watu wakiongea ana kwa ana, pengo kati ya mmoja kumaliza na mwenzake kuanza huwa dogo sana, kama moja ya tano ya sekunde. Simu ya mbali inaongeza kuchelewa kwake. Ikiwa sauti inachelewa milisekunde 300 kwenda na 300 kurudi, mama anauliza swali na jibu linamfikia baada ya karibu sekunde nzima, hata kama Rehema amejibu papo hapo. Sekunde moja kwenye mazungumzo ni ndefu, inasikika kama kusita. Kwa hiyo mama atasikia kusita pasipokuwepo, na Rehema, akisita kweli, anaweza kusingizia mtandao. Kifaa hicho umepewa bure na hujakitumia.

Halafu kuna swali la nani mwingine anasikia. Mama wa rasimu yako yuko peke yake, simu iko sikioni. Weka simu kwenye spika. Ifanye simu ambayo sikioni haisikiki tena, kila anayepiga anasikika chumba kizima. Rehema analijua hilo. Mara moja umemnyima faragha bila kuleta mtu mbaya wala mbeya.

Na mama asiwe mgonjwa, nakuomba. Hadithi za simu za kwenda nyumbani ambapo mzazi anaficha ugonjwa zimenipitia nyingi mno, na karibu zote huishia kwa siri mbili kupimana uzito, ya mtoto ikionekana ndogo. Ukileta ugonjwa, 34 ya Rehema inakuwa upuuzi, na wewe umetaka tuijali. Mpe mama haja ya kawaida kabisa, ambayo bila yeye kujua inagusa pale palipo na kidonda. Mdogo wake Rehema anaanza mitihani kesho asubuhi. Mama amemkalisha macho ili dada yake, msomi wa ng'ambo, ampe mawaidha.

Hii hapa, nimeijaribu kwa haraka. Ichukue kama mfano wa mshono, nguo ushone mwenyewe.

*

Karatasi ilikuwa mezani, imekunjwa mara mbili. Rehema aliisukuma chini ya kikombe, kisha akabonyeza jina la mama. Kwake ilikuwa saa saba mchana, kwao saa mbili usiku.

"Haloo! Rehema! Tuko hapa wote."

"Shikamoo, mama."

"Mbona kimya?"

"Nimeshakuamkia, mama. Ni mtandao."

"Marahaba, marahaba. Hujambo? Masomo yanaendaje?"

Sauti ya mama ilirudi na mwangwi wa chumba. Simu ile sikioni haikuwa inasikika tangu mwaka jana, kila mpigaji aliongea na nyumba nzima.

"Masomo yapo, mama. Yanaendelea."

"Umenyamaza kwanza."

"Mtandao."

"Haya. Mdogo wako yuko hapa, kesho anaingia mtihani. Nimemwambia halali mtu mpaka dada yake aongee naye. Hamisi, sogea. Ongea."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Hamisi. Uko tayari?"

"Mama anasema unipe siri."

"Siri gani?"

"Ya kufaulu."

Huko mtu alicheka, labda mama. Rehema aliangalia kikombe. Ukingo wa karatasi ulikuwa umechomoza.

"Karatasi ya kesho ina maswali mangapi?"

"Kumi."

"Muda?"

"Saa mbili na nusu."

"Kila swali lina dakika ngapi?"

Safari hii kimya hakikuwa cha mtandao. Alimsikia akihesabu kwa kunong'ona, kama alivyomfundisha yeye mwenyewe, zamani, kwa vidole.

"Kumi na tano."

"Andika mkononi."

"Mkononi hawaruhusu, dada."

"Basi andika kichwani. Dakika ya kumi na tano ikifika, inua kalamu. Hata kama umebakiza mstari mmoja. Acha nafasi, nenda swali linalofuata."

"Hata kama jibu nalijua?"

"Hasa ukiwa unalijua."

"Lakini wewe ulikuwa huachi swali. Mama anasema kila siku, dada yako hakuwa anaacha swali."

"Hamisi, nisikilize. Usiloliweza utaliacha tu, halikupotezei muda. Unaloliweza ndilo linalokukalisha. Unaliona linapendeza. Unaongeza mstari, unafuta mchoro unauchora upya unyooke. Ukija kuinua kichwa, wenzako wanafungua ukurasa wa mwisho, na wewe maswali mawili hujayagusa."

Alisubiri sauti yake ifike.

"Mawili?" alisema mama.

"Ni mfano, mama."

"Ma..."

"Hami..."

Waligongana, wakanyamaza wote, wakagongana tena.

"Sema wewe."

"Hapana, sema wewe, mama."

"Hamisi, nenda kalale. Umesikia alichosema dada yako? Kumi na tano. Haya."

Kiti kikaburuzwa. Komeo likafunguliwa. Mwangwi wa chumba ukaisha, badala yake wakaingia wadudu wa usiku na upepo uliokuwa ukipuliza kwenye simu.

"Rehema."

"Bee, mama."

"Ulikaa kwenye swali la kwanza dakika ngapi?"

Rehema alishika kikombe kwa mikono miwili. Kilikuwa kimepoa.

"Thelathini na tano."

*

Angalia kilichofanyika. "Nimefeli" haikutamkwa, 34 haikutajwa, ufadhili haukutajwa. Bado mama amejua, na amejua kwa namna ambayo anaweza kuibeba: mtoto wake alikaa mno kwenye swali alilolipenda. Hilo halihitaji kuelezwa uzito wala wastani. Mama ambaye kila siku anajisifu kwamba Rehema haachi swali ndiye anayelielewa kuliko mtu yeyote.

Na Rehema hakukiri. Alikuwa anatoa ushauri kwa mdogo wake, akaupa ukweli mwingi kuliko alivyokusudia, kwa sababu kijana kesho anaingia chumba cha mtihani kweli na hakutaka naye aumie. Alikuwa na njia mbili. Angeweza kumpa maneno matupu, "soma kwa bidii, mtangulize Mungu," akabaki salama. Au ampe kitu kitakachomsaidia, ambacho kwake kina gharama. Uamuzi huo ndio msuko wa hadithi yako, na unafanyika pale anapouliza "kila swali lina dakika ngapi?" Sehemu hiyo iandike polepole kuliko mimi. Mimi nimepita haraka.

Kuhusu mtandao, nimeutaja mara tatu tu, na mara ya tatu ni kusema kwamba haukuwa wenyewe. Usizidishe. Ukiandika "unakatika, unakatika" kila ukurasa, msomaji ataona ni ujanja. Mara mbili za mwanzo zinamfundisha msomaji kutoamini kimya, ili baadaye kimya cha kweli akitambue mwenyewe. Kadhalika kule kugongana kwa sauti: ni jambo la kawaida kwenye simu yenye kuchelewa, lakini nimeliweka pale tu ambapo wote wawili wana kitu cha kusema na hakuna anayetaka kutangulia.

Pale mama anapotoka nje, sikueleza kwamba anampa binti yake faragha. Kiti, komeo, wadudu. Rehema hawezi kuona, anasikia tu, na msomaji asijue zaidi ya anachosikia yeye. Katika rasimu yako umeandika "mama alifuta machozi kwa kanga". Nani ameyaona? Umeandika kwa nafsi ya tatu iliyofungwa kwa Rehema kuanzia mstari wa kwanza, na ghafla umeruka bahari ukaingia chumba cha mama. Ipo mifano minne ya namna hiyo, nimeipigia mstari kwa penseli. Yote ifute au igeuze iwe sauti. Mtu anayelia kwenye simu husikika: anaanza kujibu kwa neno mojamoja, anapenga kamasi mbali na simu, anauliza kitu ambacho ameshaulizwa na kujibiwa.

Ukurasa wa mwisho, ule wa Rehema kufaulu, utoe. Najua kwa nini umeuweka, hutaki tumwache msichana njiani. Lakini muhula mzima ndani ya aya moja unaifanya simu ile ionekane ilikuwa ya bure. Msomaji akiisha kusikia thelathini na tano, anajua kwamba Rehema amekwisha kujua kosa lake liko wapi, na analijua kwa dakika. Kama atafika 66.5 au hatafika, hilo liko nje ya simu hii.

Swali ambalo bado sina jibu lake, na nakuachia wewe: mama atasema nini baada ya ile namba? Nimejaribu mistari sita, nimeifuta yote. "Pole" ilikuwa fupi mno, "Mungu yupo" ilifunga mlango, na mmoja ambao mama alicheka ulikuwa mzuri lakini haukuwa wa mama huyu. Ndiyo maana nimekata hapo. Wewe unamjua zaidi. Ukilipata atakalosema, na likawa ni jambo ambalo mama yule tu angelisema, liongeze. Usipolipata, acha kama ilivyo.

Hadithi itashuka kutoka maneno elfu tatu hadi kama elfu moja na mia tano. Usiogope.

Kabla hujaituma tena, fanya jambo moja na dada yako. Mpe sehemu ya Rehema, wewe chukua ya mama, kila mtu akae chumba chake, mpigiane simu kweli na msome. Kila anapojibu, hesabu sekunde moja kimoyomoyo kabla hujaendelea. Mstari utakaoona aibu kuusoma kwa sauti, uwekee alama. Kisha usimuulize alijisikiaje alipofeli. Muulize alikuwa amekaa wapi alipofungua matokeo, skrini ilionyesha nini juu ya ile alama, na alifanya nini na mikono yake dakika iliyofuata. Majibu hayo yaandike kama atakavyoyasema, halafu badilisha kikombe changu uweke kitu chake.